Barua ya wazi kwa kampuni inayoniuzia intaneti: niuzieni kifurushi cha biashara

Mafiga,
Manispaa ya Morogoro.

Kwa Meneja wa Mkoa,
Kampuni inayonipatia huduma ya intaneti,
Morogoro.

Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Wateja wa Biashara, Makao Makuu, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUHAMISHWA KUTOKA KIFURUSHI CHA NYUMBANI KWENDA KIFURUSHI CHA BIASHARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa faiba. Nina intaneti kafe yenye kompyuta kumi, skana moja na printa mbili. Ombi hili nimelileta ofisini kwenu kwa mdomo, nikalileta kwa maandishi, nikalipigia simu huduma kwa wateja, na kila mara nimefunguliwa tiketi ambayo baadaye imefungwa kwa maelezo kwamba tatizo limetatuliwa. Halijatatuliwa. Ndiyo maana leo naliandika hadharani. Jina la kampuni sijalitaja kwa makusudi, kwa kuwa shida yangu si kuwachafua bali ni kupata huduma, na ninyi mtajijua mkisoma.

Naomba nianze na kinachowasumbua wateja wangu, maana lalamiko hili ni lao kabla ya kuwa langu.

Watu wengi wanaokuja kwangu hawaji kutazama video. Wanakuja kufanya kazi za serikali na za shule: maombi ya mkopo wa HESLB, maombi ya vyuo, Ajira Portal, TIN ya TRA, usajili wa jina la biashara BRELA, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA. Karibu kazi zote hizi zina hatua moja inayofanana: mteja anaskani karatasi zake na kuzipakia kwenye mfumo. Chukueni mwombaji wa mkopo wa HESLB. Anajaza fomu mtandaoni, anaichapa, anaipeleka isainiwe serikali ya mtaa na mbele ya wakili au hakimu, kisha anarudi kwangu kuiskani na kuipandisha. Faili la kurasa kumi, likiskaniwa vizuri ili mihuri isomeke, kwangu linafika megabaiti 4 hivi. Hapo ndipo kifurushi chenu kinapomshinda.

Kijana mmoja alikuja kutoka Mvomero na fomu zake zikiwa zimesainiwa zote. Ilikuwa mchana. Faili likapanda nusu, likasimama, mfumo ukamtoa kwenye akaunti kwa sababu ya kukaa muda mrefu. Akaingia upya, ikawa vilevile. Alilala kwa ndugu yake hapa mjini, asubuhi na mapema faili lilelile, kwenye kompyuta ileile, likapanda kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Aliniuliza kwa nini jana ilishindikana. Sikumlipisha muda wa jana, lakini gharama ya kulala mjini na nauli ya kuahirisha safari hakuna aliyemrudishia. Wapo wengine ambao hawarudi kabisa. Wanaondoka wakisema kafe hii ina mtandao mbovu, na hawana kosa kusema hivyo.

Sasa hoja zangu, moja baada ya nyingine.

1. Kasi inaanguka mchana, na haianguki kwangu ndani

Kifurushi ninacholipia kinatajwa kuwa cha Mbps 20 za kupakua na Mbps 5 za kupakia. Ili nisiwasingizie, nilifanya kipimo ambacho fundi wenu yeyote anaweza kukirudia. Nilizima kompyuta zote, nikachomoa swichi, nikachukua laptopu moja na kuichomeka kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta yenu ya faiba. Wi-Fi nayo nikaizima. Saa 12:30 asubuhi kipimo kilionyesha Mbps 19.2 za kupakua na 4.8 za kupakia. Hiyo ni huduma nzuri na naisifu. Saa 9 alasiri, laptopu ileile, kebo ileile, kafe ikiwa imefungwa kwa ajili ya kipimo hicho, nikapata Mbps 2.6 za kupakua na 0.4 za kupakia. Nimerudia siku za kazi tofauti na picha inabaki hiyohiyo: kuanzia saa 8 mchana hadi karibu saa 3 usiku inaporomoka, Jumapili asubuhi inapaa.

Kisha nikatafuta ni wapi inapokwama. Amri zenyewe ni hizi:

```
ping -n 20 192.168.1.1
tracert -d 8.8.8.8
ping -n 20 8.8.8.8
```

Ya kwanza inaipima ruta iliyo mezani kwangu. Inajibu kwa milisekunde 1, asubuhi na alasiri. Ya pili inaonyesha vituo ambavyo data inapitia, na kituo cha kwanza baada ya ruta yangu ni mtambo wenu. Asubuhi mtambo huo unajibu kwa milisekunde 6 hivi. Alasiri unafika 380, na vituo vyote vinavyofuata navyo vinabaki juu ya hapo, hadi mwisho wa safari, yaani 8.8.8.8 inayopimwa na amri ya tatu, kwenye 410. Najua mhandisi wenu atasema mitambo mikubwa huwa haiharakishi kujibu ping, na ni kweli. Lakini ingekuwa ni hilo tu, kituo cha kwanza kingeonekana kizito na vya mbele yake vingekuwa vyepesi. Vyote kuwa vizito kuanzia hapo maana yake foleni inaanzia kwenu, kati ya ruta yangu na mtambo wenu wa kwanza au kwenye mtambo huohuo. Siyo nje ya nchi, na siyo ndani ya kafe yangu.

Waya wenyewe ni mzima. Ukurasa wa ruta unaonyesha mwanga wa faiba unapokelewa kwa dBm -21, na kikomo ambacho vifaa vya aina hii huanza kuyumba ni karibu na -27. Taa nyekundu ya LOS haijawahi kuwaka isipokuwa siku faiba ilipokatwa na wachimbaji wa mtaro wa maji. Tena, waya mbovu haujui saa. Ungekuwa umepinda au una kiungo kibaya, ungesumbua asubuhi kama unavyosumbua alasiri.

2. Jirani yangu wa kifurushi cha biashara haguswi

Hili ndilo lililonifanya niache kulalamikia kasi na kuanza kuomba kubadilishiwa kifurushi.

Hatua chache kutoka kwangu kuna ofisi inayotumia huduma yenu hiyohiyo. Faiba yao na yangu zinatoka kwenye kisanduku kimoja juu ya nguzo moja. Fundi wenu alipokuja kuniunganisha alipanda nguzo hiyo. Wao wako kwenye kifurushi cha biashara. Kwa ruhusa ya mwenye ofisi, tulipima wakati mmoja, saa 9 alasiri, yeye kwake na mimi kwangu. Yeye alipata kasi karibu yote anayoilipia, ya kupakua na ya kupakia. Mimi nikapata zile Mbps 2.6 na 0.4.

Kwa hiyo tatizo si eneo wala faiba ya mtaa huu. Hata hesabu ya teknolojia mnayotumia inaonyesha hivyo. Faiba ya majumbani ya aina ya GPON inabeba karibu Gbps 2.5 za kupakua na Gbps 1.25 za kupakia, na mkondo mmoja hugawanywa kwa wateja 32 au 64. Tuseme ni 64, na tuseme kila mmoja wetu ana Mbps 20 na 5 na wote tumewasha kwa nguvu zote kwa dakika moja. Hiyo ni Mbps 1,280 za kupakua na 320 za kupakia. Mkondo hauwezi kujaa. Kinachojaa kiko juu yake: ama ni njia inayotoka kwenye mtambo wa mtaani kwenda mbele, ama ni mpangilio ambao mmeuweka wenyewe, kwamba njia ikizidiwa wateja wa biashara wapite kwanza na wa nyumbani wasubiri. Siupingi mpangilio huo. Mwenye kulipa zaidi apite kwanza, ni haki. Ninachouliza ni kwa nini mimi ninayetaka kulipa zaidi nakataliwa.

3. Kupakia ndiko kunakoua kafe

Naomba niwaonyeshe hesabu, kwa sababu pale mapokezi kila nikilalamika naambiwa nichukue kifurushi kikubwa zaidi cha nyumbani, na hicho hakitanisaidia.

Faili la megabaiti 4 ni megabiti 32. Likienda kwa Mbps 5 linachukua sekunde 6 au 7. Likienda kwa Mbps 0.4 linachukua sekunde 80, endapo mteja yuko peke yake. Wateja wanne wakipakia kwa pamoja, kila mmoja anabaki na Mbps 0.1, na faili lake linachukua zaidi ya dakika 5. Ndani ya dakika hizo kitu chochote kikiteleza, mfumo unamtoa, anaanza upya, na sasa anawazidishia foleni wale wengine watatu.

Ubaya hauishii kwa wanaopakia. Kompyuta inapopakua ukurasa, inalazimika kutuma taarifa fupi kurudi nyuma kwamba kipande kimepokelewa, leta kingine. Taarifa hizo zinapita njia ya kupakia. Njia hiyo ikijaa, nazo zinakaa foleni nyuma ya faili za wenzake, na yule anayesubiri ukurasa wa TRA ufunguke anaona duara linazunguka tu ingawa yeye hapakii kitu. Ndiyo maana kafe nzima huganda kwa pamoja. Wateja wanadhani umeme umecheza.

Mimi nimeshafanya linalowezekana upande wangu. Nina ruta ya MikroTik nyuma ya ruta yenu, na nimeipangia kila kompyuta isizidi Mbps 2 za kupakua. Njia ya kupakia nimeifunga kwenye Mbps 4, chini kidogo ya zile 5 za mkataba, ili foleni ijipange kwangu badala ya kujipanga kwenu, na kurasa ndogo zipite kabla ya faili kubwa. Mpango huo unafanya kazi vizuri kila asubuhi. Lakini masharti yake ni kwamba njia iwe kweli na hizo 5. Ikishuka hadi 0.4, ruta yangu bado inaamini ina 4, inaachia kila kitu, na foleni inahamia kwenye mitambo yenu ambako sina mamlaka. Siwezi kuipangia 0.4 siku nzima, maana nitakuwa nimewanyima wateja wa asubuhi. Mtu hawezi kupanga foleni kwenye mlango ambao upana wake unabadilika kila saa.

Kwa hiyo ninachohitaji siyo namba kubwa kwenye bango. Nahitaji namba ya chini ambayo haitashuka. Kifurushi cha nyumbani cha Mbps 40 kikishuka alasiri kama hiki cha 20 kinavyoshuka, nitakuwa nimelipa mara mbili nibaki palepale.

4. Anwani ya IP ya kuchangia

Kwenye ruta yenu, anwani ya upande wa nje inaanzia na 100.7x, ambayo iko ndani ya fungu la 100.64.0.0/10. Fungu hilo limetengwa kwa ajili ya watoa huduma kuwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Nikiangalia tovuti zinazoonyesha anwani yangu, naona nyingine kabisa. Maana yake kafe yangu na nyumba nyingi za Morogoro, huenda na nje ya Morogoro, tunaonekana mtandaoni kama mtu mmoja.

Kwa familia inayotazama filamu hilo halina madhara makubwa. Kwa kafe lina madhara. Tovuti ikiona maombi mengi mno kutoka anwani moja inamshuku kila anayetoka hapo. Wateja wangu wanaombwa kuchagua picha za taa za barabarani mara nyingi kabla ya kuingia, na mara nyingine ukurasa unawaambia maombi yamezidi, jaribu baadaye. Mtu aliyelipia nusu saa anamaliza robo ya muda wake akithibitisha kwamba yeye ni binadamu.

Kuna na upande wa sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotoka mwaka 2018 zilitaka kompyuta za intaneti kafe ziwe na anwani za IP za hadharani zisizobadilika, pamoja na kamera za ulinzi. Kamera nimefunga kwa fedha yangu. Anwani siwezi kuinunua dukani. Ni ninyi tu mnaoweza kunipa, na mmeniambia haitolewi kwa mteja wa nyumbani. Siku nikitakiwa kueleza nani alitumia mtandao wangu saa fulani, nitaeleza nini ikiwa anwani yenyewe nachangia na watu nisiowajua?

5. Majibu ambayo nimekwisha kuyapata

Nayaandika hapa ili nisijibiwe tena hayohayo.

Nimeambiwa kompyuta zangu zina virusi na zinajisasisha. Kipimo cha laptopu moja kwenye kebo, kompyuta zote zikiwa zimezimwa, kinajibu hilo. Hata hivyo sasisho za Windows nimezipangia usiku baada ya kufunga.

Nimeambiwa nimemaliza kiwango cha matumizi ya haki, ndiyo maana kasi imepunguzwa. Mteja akivuka kiwango hicho hupunguzwa hadi mwezi uishe, saa zote. Hawezi kupunguzwa saa 9 alasiri na kurudishiwa saa 12 asubuhi. Na kushuka huku nakuona hata wiki ya kwanza baada ya kulipia.

Nimeambiwa zima ruta, washa. Naizima na kuiwasha.

Nimeambiwa kifurushi cha biashara hakijafika eneo langu. Jirani yangu anacho, kwenye nguzo yangu.

Nimeambiwa kifurushi cha biashara ni cha kampuni, na mimi ni mtu binafsi. Mimi nina jina la biashara lililosajiliwa BRELA, nina TIN, nina leseni ya biashara ya Manispaa ya Morogoro. Nakala zote mnazo tangu ombi langu la kwanza la maandishi. Kama kuna karatasi nyingine inayotakiwa, itajwe kwa jina, nami nitaileta.

La mwisho lilinisikitisha zaidi. Ofisa mmoja aliniambia kwa simu kwamba kwa masharti yenu, kifurushi cha nyumbani hakiruhusiwi kwa biashara, na kwamba nikiendelea kulalamika naweza kukatiwa. Ndugu Meneja, wakala wenu ndiye aliyeniuzia kifurushi hiki, na fundi wenu aliifunga ruta kwenye meza iliyozungukwa na kompyuta kumi na bango la kafe likiwa mlangoni. Hakuna kilichofichwa. Na kama kweli nimekaa mahali pasipo pangu, ombi langu lote tangu mwanzo ni kwamba mnitoe hapo mnipeleke panaponistahili. Haiwezekani nikatishiwa kwa kubaki kwenye kifurushi ambacho ninyi ndio mnanizuia kutoka.

6. Matengenezo

Hili ni fupi. Faiba ilipokatwa na wale wachimbaji wa mtaro, jirani yangu alirudishiwa mtandao siku ileile. Mimi nilisubiri hadi foleni ya wateja wa nyumbani iliponifikia. Kwa nyumba, kukosa intaneti ni usumbufu. Kwangu ni kufunga mlango, na vijana wawili ninaowalipa wanakaa bure.

Ninachoomba

Siombi laini maalumu isiyochangiwa na mtu. Najua bei yake na najua haiwezi kulipwa na kafe ya kompyuta kumi. Naomba kifurushi cha biashara cha kawaida, cha kuchangia, lakini chenye masharti yaliyoandikwa kwenye mkataba. Masharti hayo ni haya:

(a) Kasi ya Mbps 30 za kupakua na 15 za kupakia, ikiwa na kiwango cha chini kisichopungua Mbps 15 za kupakua na 8 za kupakia wakati wowote wa saa za kazi. Namba hizi sikuzitoa hewani. Kompyuta saba zikiwa na kazi kwa pamoja, kila moja Mbps 2, ni 14. Upande wa kupakia, mteja mmoja akiwa kwenye usaili wa video anakula kama 3, zinabaki 5 kwa wanne wenye faili za megabaiti 4, nao wanamaliza chini ya nusu dakika.

(b) Anwani moja ya IP ya hadharani isiyobadilika kwa kuanzia. Nikihitaji zaidi nitazilipia.

(c) Uwiano wa kuchangia uandikwe: njia yangu nachangia na wateja wangapi.

(d) Hitilafu ishughulikiwe ndani ya siku moja ya kazi. Ikizidi hapo, siku zinazopotea zikatwe kwenye ankara ya mwezi unaofuata bila mimi kuja kuzidai.

(e) Mwezi wa kwanza uwe wa majaribio. Tupime pamoja, fundi wenu na mimi, kwa laptopu moja na kebo moja, saa 9 alasiri. Kiwango cha chini kikifikiwa, nasaini mkataba wa mwaka. Kisipofikiwa, niruhusiwe kuondoka bila faini.

Niko tayari kulipa hadi mara mbili ya ninacholipa sasa, na kulipia miezi mitatu kwa mkupuo kama hiyo itarahisisha idhini. Faiba imeshafika mezani kwangu. Kwa ninavyoelewa, mabadiliko mengi yanayohitajika ni ya kwenye mfumo wenu wa wateja, siyo ya kuchimba wala kupanda nguzo.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu barua hii kutoka. Jibu likiwa hapana, naomba sababu iandikwe, kwa sababu nitaihitaji. Utaratibu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) unamtaka mteja aanze kwa mtoa huduma wake kabla ya kupeleka lalamiko kwao, na hatua hiyo nimeitimiza. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka TCRA vipimo vyangu, namba za tiketi zote na nakala ya barua hii, na nitalijulisha pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Ningependa zaidi tusifike huko. Fundi wenu anaifahamu kazi yake, alininyooshea kebo vizuri na alinifundisha kusoma kiwango cha mwanga kwenye ruta. Sina ugomvi naye wala na vijana wa mapokezi, ambao hawana mamlaka ya kuamua ninachokiomba. Mwenye mamlaka ni wewe, ndiyo maana barua imeandikwa kwako.

Dirisha la maombi ya mkopo na vyuo likifunguliwa, viti vyangu kumi hujaa kuanzia saa 2 asubuhi, na mchana ndipo wanaotoka vijijini wanafika baada ya kuhangaikia mihuri. Naomba mabadiliko haya yafanyike kabla ya hapo. Fundi akitumwa, aje alasiri. Nitafunga kafe kwa saa nzima ili apime bila kuingiliwa, na matokeo ya vipimo vyangu yote, yakiwa na tarehe na saa, atayakuta yamechapwa mezani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mmiliki wa intaneti kafe,
Mafiga, Morogoro.

(Jina kamili, namba ya mteja na nakala za nyaraka ziko kwenye barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri ofisini kwenu.)